Mwisho wa Kitabu cha Tano

Mama Muhuri hakujua kutulia. Kwa miaka ishirini na miwili alisimamia kaunta ya kuazimia vitabu katika maktaba ya chuo chetu, na sijui kama miguu yake iliwahi kupumzika humo hata nusu saa. Atapiga muhuri wa tarehe ya kurudisha, ataondoka kunyoosha rafu, atamkemea anayetafuna biskuti, atarudi mbio kumhudumia aliyefika, na njiani atakuwa amekwisha kufungua kitabu cha mtu mwingine na kusoma mistari minne. Sisi wanafunzi tulimbatiza jina la muhuri wake. Alilijua, akalikubali, mradi litanguliwe na Mama.

Mimi nilimjua mwaka wangu wa tatu wa upimaji wa ardhi, na kilichonipeleka kwake ni hasira. Mjomba wangu alisema mezani, mbele ya watu: "Huyu ukimwondolea pembetatu, kinachobaki ni kiti." Walicheka wote. Nilicheka nao, lakini sahani nikaisukuma kando, kwa sababu mjomba hakuwa amesema uongo. Kwa miaka miwili sikuwa nimesoma ukurasa hata mmoja usiokuwa na mtihani mwishoni.

Basi wiki ya kwanza ya muhula nikaenda maktaba na orodha ya vitabu thelathini: falsafa, historia, nyota, uchumi, riwaya, hata kimoja cha magonjwa ya mimea. Muhula una wiki kumi na tano, nikajipangia viwili kwa wiki. Mama Muhuri aliisoma orodha akiwa amesimama, kisha akanitazama juu mpaka chini.

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mama."

"Mbona unakimbia, sasa?"

Alinipa riwaya ya kwanza iliyokuwa karibu, akatazama saa ya ukutani. "Soma saa moja. Soma kama unavyosoma siku zote, usijitie ushujaa." Saa ilipokwisha nilikuwa nimefika ukurasa wa ishirini na tatu. Kesho yake akanijaribu kwa kitabu cha historia, nikapata kumi na saba. "Tuseme ishirini," akasema. "Na nafasi unayo saa ngapi kwa wiki?" Nikasema kumi na tano. Aliitaka ratiba yangu ya masomo, akaitia kalamu nyekundu: vipindi vya uwanjani, kazi za kuandika, kufua, soga na wenzangu, ambazo nilisema sina naye akasema ninazo. Zikabaki saa tano.

"Kurasa mia kwa wiki," akasema. "Toa wiki hii, unahangaika na usajili. Wiki ya saba na ya nane mna majaribio. Ya kumi na tatu mnajikumbusha masomo, mbili za mwisho ni mitihani. Zimebaki wiki tisa. Kurasa mia tisa, mwanangu. Hivyo ni vitabu vitano, si thelathini."

Niliona aibu, halafu nikaona uchungu. Vitabu vitano! Na mimi niliyekuwa nimeshajiona mwanazuoni.

"Na diwani moja ya mashairi," akaongeza, kama muuzaji anayekutilia kidogo ili usinung'unike. "Hiyo ni ya wiki za majaribio. Shairi moja kwa siku, kabla hujaanza kujifunza. Halikuli muda."

Aliandika mpango mwenyewe, nyuma ya fomu ya kuazimia. Riwaya fupi kwanza, ili nipate mwendo. Kisha kitabu chembamba cha nyuki, kwa sababu fani yangu haina kitu chenye uhai. Kisha historia ya biashara ya chumvi. Baada ya majaribio, maisha ya mkunga mmoja. Mwisho riwaya ya madada wawili. Kizito kifuatwe na chepesi, na visitoke rafu moja. Kila nikimaliza, niandike nusu ukurasa: nilikuwa naamini nini, sasa nina shaka na nini. Nikifika ukurasa wa hamsini na kitabu hakijanishika, nikirudishe bila aibu. "Hukukioa," akasema.

"Wewe umevisoma vyote hivi, mama?"

Hapo ndipo nilipomjua. Alicheka, akapiga muhuri juu ya karatasi tupu. "Nimesoma kurasa hamsini za kila kimoja. Nusu ya maktaba hii nimeisoma kurasa hamsini. Hapa nikifungua, mtu anakuja kukiazima. Nyumbani nikifungua, kila mtu analikumbuka jina langu. Kwa hiyo tukubaliane: mimi nimekupa mianzo, wewe utaniletea miisho. Mwisho wa muhula huu nastaafu, sitaki kuondoka na njaa."

Riwaya ya madada ilikuwa tofauti. Hiyo, alisema, hakuna aliyemnyang'anya. Aliifunga mwenyewe ukurasa wa arobaini na nane, pale madada wanapojenga ukuta katikati ya nyumba ya mama yao na kuacha kusemezana. Dada yake mwenyewe, dada wa tumbo moja, aliishi mitaa mitatu kutoka kwake. Walikuwa hawasemezani, mwaka wa saba huo. Mama yao alipofariki, dada aligawa nguo zote za marehemu bila kumsubiri atoke kazini. Hata kitambaa cha kichwa hakumbakishia. "Sijui kama nataka kuujua mwisho wake," akasema, akaenda kunyoosha rafu iliyokuwa imenyooka.

Nilianza vibaya. Nilisoma ile riwaya fupi kama ninavyosoma madaftari: nikapigia mistari (kwa penseli, msinipeleke kwa mkutubi mkuu), nikaorodhesha wahusika na umri wao. Nilipokwenda kumsimulia mwisho, nilimimina tarehe na majina. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Sawa. Ulimwonea huruma nani?" Swali hilo halikuwa kwenye mitihani yoyote niliyoijua.

Nyuki walinirekebisha. Sikuandika kitu mpaka nilipomaliza, na nilipomaliza nilimsimulia bila kushusha pumzi jinsi nyuki mmoja akirudi mzingani anavyowachezea wenzake ngoma ya kuwaonyesha maua yaliko, upande gani na umbali gani. "Kumbe nao wapimaji!" akasema Mama Muhuri. Aliacha foleni ya watu wanne wakisubiri. Chumvi ilinichosha ukurasa wa thelathini ikanirudisha ukurasa wa arobaini na tano. Mashairi yalinikera wiki nzima, halafu moja likakataa kunitoka kichwani, nikaingia nalo kwenye jaribio la hesabu. Cha mkunga nilikimaliza kwa siku tisa. Nilianza kuulizauliza watu maswali, nikawa msumbufu. Mjomba alisema heri ya kiti.

Wiki ya kumi na moja kazi ya uwanjani ikaniharibikia. Kundi letu lilipima eneo la chuo kwa kuzunguka nukta hadi nukta na kurudi tulipoanzia. Hesabu zikionyesha umerudi mahali pengine, mzunguko haujafunga. Wetu haukufunga. Kosa lilipita kiwango kinachoruhusiwa, mwalimu akaturudisha tukapime upya, nukta zote kumi na nne. Zile saa tano zikaliwa, na saa za kulala nazo zikaliwa. Kitabu cha madada kikasimama ukurasa wa mia na arobaini. Kilikuwa na mia mbili na ishirini.

Ijumaa ya wiki ya kumi na mbili nikapita maktaba kurefusha muda wa kukiazima. Mama Muhuri alishika kitabu, hakupiga muhuri. Alikuwa akikishikashika, mara akifungue, mara akifunge.

"Haya," akasema. "Niambie. Walisemezana?"

Ningesema bado sijafika. Maneno mawili tu! Lakini mimi ni mwanafunzi, na mwanafunzi akiulizwa hujibu, hasa asipojua. Nilimtazama usoni nikaona jibu analolitaka, nikampa. Nikasema mdogo mtu anaamka siku moja, anazunguka ukuta, anabisha mlango wa dada yake, na dada anafungua kabla mkono haujashuka, kana kwamba miaka yote alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Nilikuwa nimenogewa, nikaongeza na machozi.

Mama Muhuri alikifunga kitabu. Alipiga muhuri, akanirudishia kitabu, akaniambia, "Ahsante, mwanangu." Nilitoka nikijiona mtu mwema.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili nilipata nafasi, nikamaliza kitabu. Hakuna aliyebisha mlango. Mdogo anafariki upande wake wa ukuta. Mkubwa anaita mafundi, ukuta unabomolewa, naye anabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, akitembea kutoka kimoja hadi kingine. Basi. Nilitaka kukitupa. Nilikuwa nimempa yule mama mwisho wa kutunga, na yeye hakuwa mtu wa kukaa na jambo.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kabla maktaba haijafunguliwa. Alikuja akitembea kwa kasi yake ileile, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Nilikwenda."

"Kwa nani, mama?" Nilijua kwa nani.

"Jumamosi. Nilibisha. Hakufungua upesi kama wako yule, nilisimama mpaka nikataka kuondoka. Akafungua. Akasema, 'Umekonda.' Tukakaa. Tumezungumza juu ya bati lake linalovuja, bati tu, saa nzima. Za nguo hakuna aliyezitaja. Nikiondoka akaniuliza nitakuja lini, nikashindwa kumjibu."

Ningeweza kunyamaza. Niseme kweli, nilitaka kunyamaza, na bado nafikiri mtu mwenye busara kuliko mimi angenyamaza. Lakini kitabu kilikuwa mkononi mwangu, na kwa majuma kumi na mawili huyu mama alinifundisha kusoma kwa kunidai kilichomo.

"Mama, nilikudanganya," nikasema. "Sikuwa nimefika. Huo mwisho nilitunga."

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliunyoosha mkono, akachukua kitabu, akaenda nacho kaunta. Alifungua kurasa za nyuma, akasoma akiwa amesimama. Wanafunzi wakaanza kujipanga, watano, wanane, foleni ikafika mlangoni. Mmoja akagonga meza kwa funguo. Mama Muhuri hakuinua kichwa. Nilimwona anarudi nyuma kurasa kadhaa, anasoma tena, midomo ikicheza. Nilitamani aniite mwongo mbele yao wote, tuyamalize.

Alipofunga kitabu macho yake yalikuwa mekundu.

"Ningeujua mwisho huu," akasema, "nisingekwenda."

"Nisamehe, mama."

"Nikikuuliza kitu na hujafika, sema hujafika. Umesikia? Mimi si mtihani." Alichomoa mpango wangu ndani ya kitabu, akauandikia tarehe ya siku ile mbele ya kitabu cha tano, akaupiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Kisha akamwashiria wa kwanza kwenye foleni asogee.

"Jumamosi nakwenda tena," akaniambia, bila kunitazama. "Huyo mwandishi hamjui dada yangu."