Sweta la Shule kwenye Katuni

Msusi alikuwa na vidole vyepesi na maneno machache. Kovu la kwenye paji la uso alilifunika kwa kilemba. Mteja akiuliza, husema alianguka. Hakuanguka. Mumewe alimpiga kwa pasi, kisha akaapa kummaliza. Ndipo akatorokea mji mwingine na bintiye, akabadili namba ya simu, na picha ya mtoto hakuiweka popote.

Aliyeiweka ni mdogo wake, aliyefanya naye kazi saluni.

"Dada, mtazame mwanao alivyokuwa katuni. Macho kama sahani."

"Umechorewa wapi?"

"Mtandaoni, bure. Unaweka picha, wanakugeuzia."

"Picha ipi?"

"Ile ya sweta la shule. Usinikazie macho, nimeshaifuta."

"Umeifuta kwako. Kwao je?"

"Dada nawe. Utadhani tumevunja benki."

Msusi aliacha kichwa cha mteja nusu, wakafungua yale masharti ambayo mdogo mtu aliyakubali bila kuyasoma. Yaliwaruhusu wenye huduma kutunza picha na kuzionyesha watakavyo. Na walikuwa wameionyesha: picha halisi huku, katuni kule, ili watu waone ufundi wao. Katuni haikumtambulisha mtu. Picha halisi ilionyesha uso wote, na nembo kifuani yenye jina la shule. Wakaomba iondolewe. Ikaondolewa, lakini watu walikuwa wameshasambaziana, na wifi yake mmoja alikuwa miongoni mwao.

Msusi akaenda kumtoa mtoto shuleni. Alichelewa, mume alikuwa tayari ng'ambo ya barabara, na akawafuata hadi saluni.

"Mke wangu, habari za siku?" alisema, akifunga mlango kwa komeo. "Mwanangu kapendeza kwenye simu."

Alimshika Msusi nywele, akambamiza uso kwenye sinki. Jino likaruka. Mdogo mtu alipomrukia mgongoni, alimkunja mkono hadi ukavunjika, ukalia kama ukuni mkavu. Mtoto alijikunyata chini ya kiti. Baba alipoinama kumvuta mguu, Msusi aliinua birika la maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta, akammwagia shingoni lote. Ngozi ilibabuka. Alinguruma, akaanguka juu ya vioo, na majirani wakavunja mlango.

Polisi walimchukua mume. Msusi hakujidanganya: kifungo kina mwisho, na ndugu za mume walikuwa na picha.

Hospitalini, mdogo mtu alilia, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Nisamehe, dada. Nilitaka tu tucheke."

"Nimekusamehe."

"Mnakwenda wapi sasa? Nikipona niwafuate."

Msusi alimfunika shuka vizuri, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hutatufuata, mdogo wangu. Safari hii hata wewe hutajua."

Akamshika mtoto mkono, wakatoka.