Jua la Saa Sita kwenye Shavu la Kushoto

Mimi na jua la saa sita hatujawahi kupatana. Najua wenzangu wenye studio pale Igoma wananicheka, wanasema mpiga picha gani anayeogopa mwanga, lakini waache wacheke. Uso wa mtu ukishaungua kwenye picha, ukabaki mweupe kama karatasi, mimi silali vizuri. Natembea tembea tu studioni, nahamisha viti visivyohitaji kuhamishwa.

Jumamosi ile ibada ya ndoa ilichelewa kwisha. Wageni wa bwana harusi walikuwa na haraka ya kivuko, maana walitakiwa kurudi Sengerema mchana huo huo, kwa hiyo picha zote zilisogezwa hadi saa sita kasoro, kwenye mawe ya kando ya ziwa. Niliomba tusogee kwenye kivuli cha jiwe kubwa. Wakakataa, wanataka maji yaonekane nyuma. Sawa. Kisha bibi harusi aliposhuka tu kwenye gari, shangazi yake akatoa kichupa cha mafuta kwenye mkoba, akampaka uso mzima juu ya vipodozi.

"Shangazi, yatang'aa mno," nikasema.

"Ndiyo ang'ae! Unataka bibi harusi aliyepauka?"

Huku kwetu kupauka mbele ya watu ni aibu kuliko kukosa viatu. Nikameza maneno yangu nikaanza kupiga.

Mama mzazi naye alinitia hasira. Alisimama kulia kwa binti yake, na kwa urefu wake alikuwa anaziba maji yale yale waliyoyataka. Nilimwomba ahamie kushoto, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Akatikisa kichwa. "Hapa hapa panatosha, mwanangu." Nikasema moyoni, huyu mama mbishi, nikaendelea.

Nilikuwa nimeongeza mwanga ili macho yasizame gizani chini ya shela. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipotazama kioo cha kamera, paji la uso na mashavu yalikuwa yanawaka na kuzima, alama ya kamera kwamba pale pamejaa mwanga hadi kumwagika. Bibi harusi akasogea, akaomba kuona. Aliitazama picha yake ya peke yake kwa muda mrefu. Kwenye shavu la kushoto ana kovu pana la moto, ngozi imejikunja kuanzia karibu na sikio. Pale kwenye kioo halikuonekana. Jua na mafuta vilikuwa vimelifunika lote.

"Hii, dada," akasema. "Hii nimeipenda."

Nikafikiri amependa pozi.

Jumatatu nilikaa kwenye kompyuta na dukuduku langu. Namshukuru Mungu napiga faili ghafi, lile linalobeba kila kitu kamera ilichokiona. Ingekuwa faili lililokwisha kubanwa, pale ningekuta weupe mtupu. Kwenye picha, ngozi zetu za kahawia zikipigwa juani huanza kupoteza wekundu. Kijani na bluu hubaki kidogo, na humo ndimo programu huokoteza sura ya ngozi. Nikavuta sehemu angavu chini, taratibu. Paji la uso likaanza kurudi, ila lilirudi na rangi ya majivu, kama mtu aliyetoka kuumwa. Sehemu ndogo katikati, pale mafuta yalipokusanyika, haikurudi kabisa, rangi zote tatu zilikuwa zimekwenda. Niliiacha ing'ae. Ukilazimisha palipo patupu unapata doa la kijivu.

Kisha nikapaka kwa brashi ya programu kwenye paji na mashavu peke yake, nikaufungua mstari unaopandisha na kushusha mwanga, nikaushusha upande wake wa juu na kuushikilia katikati usisogee, ili uso usigeuke tope. Kingo nikazilainisha, nikarudisha joto kidogo la rangi. Nikafurahi. Nilijisifu kwa sauti, peke yangu.

Ndipo nikaona kovu. Lilikuwa limerudi lote, na kila mkunjo wake.

Nikasimama. Nikatoka nje, nikarudi. Mbona alikuwa ameipenda ile? Ameipenda kwa sababu gani? Katika mji huu wateja wanataka watakatishwe mpaka ndugu zao wawasahau, na mimi nimejijengea jina la kukataa. Lakini huyu hakuomba kutakatishwa. Jua ndilo lililomfanyia hivyo, na mimi nimekwenda kuifuta kazi ya jua bila kuulizwa.

Alikuja kesho yake kuchagua. Akainama kwenye kioo.

"Limerudi," akasema.

"Nisamehe, dada. Naweza kuliondoa tena."

"Usiliondoe kwenye picha yangu. Hili ni langu, nimekua nalo." Akaligusa shavuni kwa kidole. "Nataka moja tu bila kovu. Ya mama."

Akanieleza. Mama yake alikuwa akikaanga samaki Igogo, yeye hata shule hajaanza. Karai la mafuta likapinduka. Tangu hapo mama hutembea kulia kwake, upande usio na kovu. Kanisani hukaa kulia, sokoni hupita kulia. Hawajawahi kulizungumza. "Sasa naondoka kwenda kwa mume wangu," akasema, "angalau awe na picha atakayoitazama bila kuumia."

Nikakumbuka nilivyomfokea mama wa watu pale kwenye mawe. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Basi nikafanya kazi kinyume. Paji la uso nililiacha lilivyorekebishwa, na shavu la kulia nikalipunguzia marekebisho. La kushoto nikalifutia brashi katikati, nikabakiza kwenye kingo tu, ili weupe uonekane umekuja wenyewe. Nilichukua muda mrefu kuharibu kuliko niliochukua kutengeneza, na sikujua kama nafanya wema au nashiriki uongo.

Siku ya kuondoka walipita wote wawili, mama na binti, mizigo iko kwenye bajaji nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa picha yake. Aliishika kwa mikono miwili. Binti alikuwa akimtazama mama, na mimi nikiwatazama wote wawili, vidole vyangu vikicheza na kizibo cha kamera. Mama akaisogeza dirishani, akaitazama tena, kisha akaiweka mezani.

"Nzuri," akasema. "Na ya huyu mwenyewe iko wapi?"

Nikageuza kompyuta nikamwonyesha. Aliangalia lile shavu mpaka nikaona nahitaji kutazama pengine.

"Tupige nyingine," akasema. "Sasa hivi."

Saa sita kamili, jua juu ya kichwa, nje hakuna kivuli cha kumficha hata kuku. Sikubisha. Tukatoka. Binti alikuwa amepakwa mafuta ya safari, uso mzima unameremeta. Mama akasimama kulia, pale pale.

"Mama," nikasema, "mpanguse kidogo, mafuta yatanisumbua. Hasa shavu lile."

Alisita. Nilitamani maneno yangu yarudi mdomoni. Kisha akashika pindo la kanga yake, akazunguka mbele ya binti yake mpaka kushoto, na akaanza kulipangusa lile kovu, polepole, juu hadi chini. Binti alifumba macho. Mama alipomaliza hakurudi upande wake.

Nikapunguza mwanga wa kamera, nikapunguza tena, mpaka hakuna kitu kilichokuwa kinawaka kwenye kioo. Kisha nikabonyeza.