Jina la Nzula Halikuwa Ubaoni

Nzula Ndolo na mimi tuliandikwa kazi siku moja, tarehe tatu Mei 1993, kwa kile kiwanda cha ngozi kilichokuwa barabara ya Namanga, ukitoka Kitengela kidogo tu. Mimi nikapelekwa kantini kupika chai na githeri, yeye akapewa ndoo na mopu. Sote wawili tulitoka Ukambani, yeye Mbooni, mimi Kilungu, na hapo getini hakukuwa na mtu aliyetujua. Naitaja tarehe hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyokuja kutuuma.

Msimwone Nzula mtu mpole. Ukikanyaga sakafu yake haijakauka, atakuita kwa jina lako lote mbele ya watu. Hata meneja alikuwa akiruka ruka kama mtoto anayecheza mchezo wa kati, akikwepa mpira. "Wewe mkubwa, pitia huko pembeni!" Na meneja anapita pembeni. Mwaka wa 2004 walimhamishia zahanati ya kiwanda, kwa sababu nesi alisema hataki mtu mwingine ashike mopu ya pale. Kazi ilikuwa ile ile, mshahara ule ule, ila jina lake likatolewa kwa kitabu cha wasafishaji likawekwa kwa kitabu cha zahanati. Nani angejua hilo ni jambo? Mimi sikujua. Yeye alifurahia tu kwamba huko hakunuki ngozi mbichi.

Sasa mnielewe kuhusu ubao. Kulikuwa na ubao wa matangazo kando ya saa ya kupiga kadi. Mwaka wa tisini na saba ilibandikwa orodha Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, na kila aliyekuwa kwenye orodha ile alienda nyumbani na hakurudi. 2001 ikabandikwa nyingine, pia Ijumaa. Watu arobaini na moja. Tangu hapo tukawa na desturi yetu: hakuna mtu alijitafutia jina. Mnaenda wawili wawili, mimi nakusomea lako, wewe unanisomea langu, na kama halipo, yule mwenzako anakupiga mgongo mara moja na mnaondoka. Hakuna aliyebaki kusoma maneno mengine. Ya nini?

Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa Agosti, 2008, karatasi ikabandikwa.

Nilitoka jikoni na aproni yangu, Nzula akatoka zahanati, tukashikana mikono kama wanawali. Mimi nikaanza na lake. Nikashuka na kidole hadi mwisho, nikapanda tena. Halipo. Nikampiga mgongo, paa! Halafu yeye akatafuta langu. Nikaona kidole chake kimesimama.

"Woi, Phylis," akasema.

Nililia pale pale, sina aibu ya kusema. Nzula akanipeleka nyuma ya stoo, akanishikilia kichwa. Jumapili yake alipeleka kuku kanisani, sadaka ya shukrani, akasimama mbele ya watu wote akamshukuru Mungu kwa kuwa jina lake halikuonekana. Halafu akaniombea mimi kwa sauti. Nilimchukia kidogo hapo. Ndiyo, nilimchukia. Mtu akikuhurumia mbele ya kanisa zima, unatakiwa ufanye nini, umpigie makofi?

Kumbe orodha ile haikuwa ya kufukuza. Hata kidogo. Jumanne iliyofuata tuliitwa ukumbini, sisi wa kantini, wasafishaji na watu wa bustani. Bwana Githongo, ofisa wa wafanyakazi, alikuwa mbele na ile karatasi, na Muthama wetu wa chama cha wafanyakazi ameketi kando yake. Githongo akatusomea polepole. Kampuni inatoa kazi hizo tatu kwa kontrakta kuanzia tarehe moja Oktoba. Hakuna anayehamishwa kwa nguvu. Anayekubali atahama na mshahara wake, likizo yake, marupurupu ya nyumba, na miaka yake yote ya kazi, kuanzia siku aliyoandikwa hapa, na kontrakta hataruhusiwa kumweka kwa majaribio tena kama mtu mgeni. Anayekataa, kazi yake inahesabika imeisha, atapewa notisi na malipo ya kila mwaka aliotumikia kama sheria mpya inavyosema. Chama kimejulishwa, ofisi ya leba ya serikali huko Kajiado imejulishwa, mwezi mzima kabla.

Muthama akasimama. "Kontrakta hana deni na nyinyi kama hajatia sahihi," akasema. "Sheria yetu haimlazimishi kuwabeba na miaka yenu. Amekubali kwa maandishi, lakini amekubali wale walio kwenye orodha. Wale tu."

Githongo akaendelea. Kila mtu ataitwa ofisini peke yake, na Muthama akiwepo, akague tarehe yake ya kuandikwa, aulize maswali, ndipo atie sahihi kukubali au kukataa. "Na mtu yeyote wa kazi hizi ambaye hajioni kwenye orodha, au tarehe yake ina makosa, aje kwangu kabla ya tarehe kumi na mbili Septemba. Baada ya hapo orodha inafungwa, inatiwa sahihi na pande zote tatu."

Nililisikia neno hilo. Wazi kabisa. Nzula hakuwa ukumbini, alikuwa amebaki anatushikia kazi, anapiga deki hadi kantini yangu, kwa sababu watu wa zahanati hawakuitwa. Nikamfikiria. Nikajiambia, huyo ako sawa, huyo amebaki na kampuni, na kuku wake ameshachinjwa. Nilikaa na maneno hayo siku tano. Nisiwadanganye kwamba nilisahau.

Siku ya sita moyo ukanisuta, nikamwambia tukila mchana. Nikamweleza yote, kwamba hii safari walio kwenye karatasi ndio wenye bahati, kwamba aende kwa Githongo aulize kama zahanati imehesabiwa.

Akaacha kula. "Phylis, wewe ni rafiki yangu?"

"Si unajua."

"Basi usiniletee balaa. Wewe umewahi kuona mtu akienda kuuliza kwa nini hajafukuzwa? Nikiingia pale, watasema, ala, kumbe huyu tulimsahau. Wataniandika."

"Lakini ndiyo nakwambia uandikwe!"

"2001 pia walisema maneno matamu," akasema, akarudi kwa mkebe wake.

Ningemvuta kwa mkono. Ningeenda kwa Muthama mwenyewe, alikuwa anakunywa chai yangu kila saa nne. Sikwenda. Nilisema, shauri yake. Tarehe kumi na mbili ikapita, Ijumaa vilevile.

Mimi niliitwa ofisini, nikaona tarehe yangu iko sawa, nikatia sahihi.

Tarehe moja Oktoba tulifika getini asubuhi. Lemein, askari wetu wa miaka yote, akatusalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nasi tukaitikia, "Iko," lakini hakuinua kizuizi. Alikuwa na msimamizi wa kontrakta, kijana anaitwa Ndung'u, mwenye boksi la beji mpya. Sisi wa orodha tukapewa beji. Nzula akaonyesha ile ya zamani.

"Hii haifanyi kazi, mama," Ndung'u akasema. "Usafi wote ni wetu sasa. Na zahanati."

Nzula akaenda mbio kwa Githongo. Nilimwona anatoka na uso umemshuka. Githongo alifungua faili akaona kosa ni la ofisi yake, waliochapa orodha walitumia kitabu cha wasafishaji, na yeye alikuwa kitabu kingine. Alisema pole. Lakini orodha imefungwa, imetiwa sahihi, tangazo lilikuwa wazi, kwa nini hakuja? Kampuni haikuwa na kazi ya usafi tena ya kumpa. Kama angekuwa mtu, angempa barua ya kuachishwa kazi na haki zake, notisi na yote, maana kazi yake kampuni ndiyo iliyoiua. Badala yake akamwambia achukue tu fomu ya kontrakta, aanze kazi, mambo mengine yatarekebishwa baadaye. Baadaye! Ningekuwa na uji wa moto hapo ningemmwagia.

Nzula aliitia sahihi fomu ile akiwa amesimama, mopu iko ukutani inamngoja. Tarehe ya kuajiriwa: 1 Oktoba 2008. Majaribio: miezi mitatu. Miaka kumi na tano ya magoti yake ikaishia hapo, na siku hiyo hiyo akaosha zahanati nzima.

Mwezi wa Novemba uvimbe wa tumbo uliomsumbua kwa muda ukazidi, akapasuliwa hospitalini Kajiado, akaambiwa akae mwezi mmoja asiinue kitu kizito. Alipokuwa amelala nyumbani, barua ikaja. Kwa kuwa ako kwa majaribio, kontrakta anamaliza kazi kwa notisi ya siku saba. Notisi tu. Hakuna mtu mwingine wa kundi letu angeweza kuandikiwa barua kama hiyo. Mimi nililazwa na malaria mwezi huo huo, nikarudi, nikapata jiko langu limeningoja.

Januari nilimsindikiza ofisi ya leba. Afisa alisoma karatasi zote, mtu mzuri, hakutuharakisha. Akasema Nzula ako na kesi, na si kwa kontrakta, ni kwa kampuni. Walimaliza kazi yake bila kumpa notisi na bila kumlipa miaka yake, na hiyo fomu haifuti miaka hiyo. Nzula alipoenda mara ya kwanza afisa aliwaandikia kampuni, wakajibu kwamba aliacha kazi mwenyewe akaenda kwa kontrakta kwa hiari yake. "Ninahitaji mtu aliyefanya kazi naye tangu mwanzo," akasema. "Aliyekuwa kwa mkutano, aliyekuwa getini siku ile. Aandike na atie sahihi."

Nzula hakuniangalia. Tulitoka nje, tukaketi kwenye benchi. Akaniomba barua yangu ya kuhamishwa, nilikuwa nayo kwa mkoba. Akaifungua, akashuka na kidole kama siku ile ya ubaoni, kikasimama kwenye 3 Mei 1993.

"Hii tarehe ni yangu pia," akasema. "Si utawaambia?"

Moyo wangu ulikuwa unasema ndiyo, haki ya Mungu. Halafu kichwani nikamwona Githongo akisoma jina langu kwenye karatasi ya leba. Nikamwona Ndung'u na boksi lake. Kampuni ikimwambia kontrakta kwamba haimtaki fulani, kontrakta anabishana?

"Nzula," nikasema, "nikiandika jina langu pale, wataniona."

Alikunja barua yangu vizuri kwenye mikunjo yake, akanirudishia. Halafu akanipiga mgongo, mara moja, kama tulivyokuwa tukipigana mgongo ubaoni wakati jina halipo, akasimama polepole kwa sababu ya mshono wake, akaenda kumwambia afisa kwamba hakuna shahidi.