Kipimo cha Mjomba

Mimi nina hasira za karibu, wala sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Lakini ile siku mjomba wangu alipoingia dukani akichechemea, na barua ya daktari mkononi, sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa na hofu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nikiuza dawa katika duka moja hapo Ukunda, kwenye barabara iendayo Diani. Mjomba, ndugu wa mama yangu khasa, alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu, suruali za harusi na sare za wafanyakazi wa mahoteli, na cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga kwa mguu. Sigara haikumtoka mdomoni. Watu walimtania kwamba kanzu zake hazihitaji kufukizwa udi, zatoka kwake zimeshafukizwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu soma, miye miwani nimeisahau."

Barua ilitoka kwa daktari wa Msambweni. Mishipa ya damu ya mguu wa kulia ilikuwa imebana kwa ajili ya sigara, na kidole kidogo kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Akiacha kuvuta, mguu huenda ukanusurika. Asipoacha, utakatwa. Daktari aliandika kwamba amempima moyo, na kwamba anaruhusiwa kutumia dawa za nikotini, akaniomba mimi nimchagulie iliyopo na inayomfaa. Nikamsomea yote, hata lile neno la kukatwa. Akautazama mguu wake kama mtu anayeangalia mtoto wake akiwa mgonjwa. Ule ndio mguu aliokanyagia cherehani.

Kwa sababu ya wageni wa mahotelini, duka letu lilikuwa na vitu ambavyo maduka mengine hayakuwa navyo. Nikampangia juu ya kaunta. Kulikuwa na chingamu za nikotini. Kulikuwa na plasta za kubandika kwenye ngozi, zinazotoa nikotini kidogo kidogo mchana kutwa na usiku kucha, za nguvu tatu: miligramu ishirini na moja, kumi na nne, na saba. Na kulikuwa na boksi moja la peremende za kumumunya, za miligramu moja moja, zilizoagizwa kwa ajili ya mzee mmoja wa Kizungu aliyeondoka asirudi kuzichukua.

Mjomba akachagua chingamu papo hapo. "Hii nitatafuna huku nashona," alisema. Nikamweleza kwamba haitafunwi kama chingamu za watoto. Watafuna polepole mpaka uhisi inawasha kama pilipili manga, halafu waiweka kati ya shavu na ufizi, itulie. Ikipoa, watafuna tena. Nikotini hupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiimeza na mate, utapata kwikwi na kiungulia bure.

"Nipe moja nijaribu."

Nikampa. Dukani walikuwamo wateja wawili, mwanamke na mtoto mgongoni, na dereva mmoja. Mjomba akatafuna mara tatu, mara nne, akasita. Akatia kidole mdomoni. Yallah! Meno yote ya juu yakatoka pamoja na chingamu, yameng'ang'aniana. Mimi miaka yote ile sikujua kwamba mjomba ana meno ya bandia. Dereva akaangua kicheko, nami, Mungu anisamehe, nikacheka pia.

Mjomba hakucheka. Aligeuka akayarudisha meno yake, akafuta mdomo kwa leso. Alikuwa mtu nadhifu, wa kanzu iliyopigwa pasi. Hapo ndipo nilipomuuliza, kwa sauti ile ile ya dukani, kila mtu akisikia: "Na kwa siku wavuta ngapi, mjomba?"

"Kumi," akasema.

Nilijua si kumi. Pua yangu ilijua. Lakini ndiyo mila zetu, mjomba wako hubishani naye mbele ya watu, na nilikuwa nimeshamcheka. Nikaandika kumi.

Peremende nilimkataza siku ile. Mjomba alikuwa na kibirika cha kahawa chungu kando ya cherehani, akinywa kikombe baada ya kikombe tangu asubuhi, na kahawa huharibu kazi ya peremende, kama iharibuvyo ya chingamu. Mdomo ukiwa na uchachu, nikotini haipiti. Yataka ukae robo saa bila kunywa kitu ndipo umumunye. Kumnyima sigara na kahawa siku moja ingekuwa kumwonea. Basi ikabaki plasta. Kwa mtu wa sigara kumi, huanza na ile ya kati, ya kumi na nne. Nikamwambia aibandike sehemu ya juu ya mkono, juu ya kiwiko, ili isimsumbue wakati wa kutia udhu, abadilishe kila asubuhi, leo kulia, kesho kushoto. Tena asivute akiwa nayo.

Baada ya siku tano nilipita kibandani kwake. Alikuwa anavuta. Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kilikuwa kikinuka.

"Mjomba! Plasta iko wapi?"

"Zako hizo hazina gundi, mwanangu. Yaanguka kabla sijafika kazini. Jana niliiona imenasa kwenye suruali ya mtu."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia wageni kutoka Ulaya waogelea nazo baharini zisibanduke, iweje kwake zianguke? Akanitazama kwa upole, mkono wake unang'aa, na ndipo nilipoona. Mjomba alikuwa mtu wa pwani wa zamani. Kila asubuhi, akishaoga, alijipaka mafuta ya nazi kutoka shingoni hadi kisiginoni, kisha akabandika plasta juu ya mafuta. Ingeshika nini? Na mimi niliyemsomea maelezo ya boksi neno kwa neno, hilo sikulifikiria, ilhali nami niliwahi kupakwa mafuta yayo hayo na bibi yangu hadi nikateleza mikononi mwake. Boksi liliandikwa na watu wasiojua mafuta ya nazi.

"Bandika kwanza, ngozi ikiwa kavu," nikamwambia. "Ibonyeze kwa kiganja kwa muda. Halafu jipake kwingine kote upendako."

Plasta zikashika. Nikafurahi, nikajiona bingwa. Juma moja likapita, nikapita tena na mandazi, nikamkuta na plasta mkononi na sigara mdomoni, vyote viwili. Macho mekundu. Alikuwa amemfokea mteja, yeye ambaye hata paka hakumfukuza.

"Naijaribu, wallahi naijaribu," akasema. "Lakini yanishinda. Hii plasta ni kama kunionjesha pilau kwa ncha ya kijiko."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulia pia. Mguu ule ulikuwa unakufa, nami nilikuwa nimesimama na mandazi. Nikavuta kigoda nikaketi, na kibandani tulikuwa sisi wawili tu. Sikumuuliza ngapi. Nilimuuliza: "Ukiamka, mjomba, ya kwanza wavuta saa ngapi?"

Hilo hakuliona kuwa na aibu. "Ya kwanza? Hiyo navuta kabla sijatoka kitandani. Mwadhini hajamaliza adhana."

Mtu wa sigara kumi huweza kunywa chai kwanza. Anayevuta kabla hajakanyaga chini, huyo damu yake imezoea nikotini nyingi, na usiku mmoja tu wa kuikosa humwamsha na kiu.

Mezani palikuwa na futi yake ya kupimia. Nikaichukua. "Mjomba, mteja akija kupimwa suruali, akavuta tumbo ndani kwa kuona haya, wewe ukamwandikia kipimo hicho, suruali itamkaa?"

"Haitamkaa. Itampasukia siku ya harusi."

"Kosa la nani?"

Akaizima ile sigara kwenye kifuu, taratibu.

"Arubaini," akasema. "Siku za sikukuu, zaidi. Ulinicheka, mwanangu. Niliona haya."

Nilimwomba radhi, nikamwamkia upya, akaitikia. Kesho yake nikamwona daktari, tukakubaliana. Plasta ya ishirini na moja, ile kubwa, akae nayo hata usiku, ili alfajiri asiamke na ile kiu. Akiota ndoto za ajabu, aniambie. Na lile boksi la yule mzee wa Kizungu nikalileta kibandani. Miligramu moja peke yake isingemtosha mtu wa arubaini, lakini juu ya plasta, hamu ikimzidi, amumunye moja polepole, aiegeshe shavuni, asiitafune. Kahawa tuliipangia saa zake. Meno hayakutoka tena.

Ndoto aliziota kweli. Alinihadithia moja ambayo alikuwa anamshonea ng'ombe koti. Lakini sigara aliziacha. Majuma sita ya plasta kubwa, kisha ya kati, kisha ndogo.

Kidole hakikungoja. Juma la pili la plasta kubwa kilikuwa cheusi, wakakikata Msambweni. Jeraha lilipona, na mguu ukabaki. Nilimuuliza daktari kama zile siku tulizopoteza ndizo zilizokiua. Akasema hajui, huenda kingekufa tu. Mimi mpaka leo nayahesabu yale majuma mawili, na kicheko changu nakisikia.

Mwaka uliofuata mjomba alikuwa ameketi dukani kwetu, amekuja kunipima koti jeupe la kazi, akaingia mpishi mmoja wa hoteli. Alitaka kuacha sigara. Mkewe alikuwa mjamzito. Nikamsogeza pembeni, nikamuuliza kwa sauti ya chini. Akacheka kidogo.

"Ah, si nyingi, dada. Tano, sita hivi."

Mjomba aliinama akavua kiatu cha kulia, akauweka mguu juu ya benchi, safi, umepakwa mafuta, na vidole vinne.

"Mimi nilisema kumi," akamwambia.

Mpishi aliuangalia ule mguu kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Thalathini na tano," akasema. "Na ya kwanza navuta kitandani."