Mkataji Hachagui

Msimu mmoja wa mvua, Mama Pasi alipokuwa bado binti wa kusukwa nywele, nguo za watu zilikataa katakata kukauka. Mama yake, ambaye alikuwa dobi, alizitandaza kitandani, vitini, hata juu ya meza, na watoto wakala mkate wao sakafuni, chini ya mashuka ya watu. Sheria ya nyumba ile ilikuwa fupi: mkataji hachagui. Binti alikata, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mdogo wake, Kitindamimba, akachagua. Mvulana huyo aliinama hadi pua ikakaribia mkate, akafumba jicho moja, akapima. Hakukosa kamwe kuchukua kipande kikubwa, na dada yake hakuwahi kumwonea kijicho.

Mama alipofariki, binti alirithi pasi ya mkaa na kiwanja kilichopo kando ya barabara. Kwa mashati ya watu alimsomesha Kitindamimba mpaka naye akawa mtu wa kuvaa tai. Yeye mwenyewe alibaki na jina la Mama Pasi, na kwa kuwa Mungu hakumjalia watoto, jina hilo lilimtosha.

Uzeeni macho yalimwingia ukungu, na mikono ikagoma kuingia kwenye maji baridi. Mwekezaji mmoja wa majengo alikizunguka kiwanja kile kama inzi azungukavyo kidonda, akitaka kukinunua. Mama Pasi hakuuza. Akisaidiwa na wakili wake, mwanamke mtaratibu, alimpelekea pendekezo la ubia. Yeye angetoa kiwanja kisicho na deni wala mpangaji. Mwekezaji angeleta ramani, vibali, fedha na mafundi, na kulipa fidia akichelewa. Hati ya kiwanja ingekaa kwa wakili, wala isingewekwa rehani bila ridhaa ya mwenyewe. Fleti zikikamilika, wangegawana nusu kwa nusu. Angeishi katika moja, kodi za nyingine zimlishe mpaka kaburini. Hakuwa na akiba nyingine.

Mwekezaji akajibu kwamba ni heri wagawane faida baada ya kuuza. Kitindamimba, ambaye ndiye aliyekuwa akimsomea dada yake karatasi, akamuunga mkono.

"Faida ni hela mkononi, dada. Fleti zote hizo utazifanyia nini? Utazipiga pasi?"

"Mama," wakili akasema, "faida ni kinachobaki baada ya gharama, na anayeziandika gharama ni yeye."

"Basi anipe nyumba. Nyumba haifichiki mfukoni."

Kisha akaongeza sharti alilolirithi: mwekezaji azigawe fleti mafungu mawili juu ya ramani kabla ya kutia saini, naye Mama Pasi achague fungu lake.

Mwekezaji alikubali upesi, upesi mno.

Siku ya kutia saini walikutana ofisini kwa wakili. Mwekezaji alinukia manukato mazito, akatandaza ramani iliyopakwa rangi mbili. Mama Pasi aliinama, lakini aliona mawingu tu. Kitindamimba akamsogelea sikioni.

"Chukua la kijani, dada. La nyuma. Kuna utulivu, hakuna makelele ya magari."

"Na la bluu?"

"La bluu halikufai. Ngazi nyingi, vumbi la barabara. Niamini mimi."

Mama Pasi akaukumbuka mkate wa utotoni. Tangu kuzaliwa kwake, mtoto huyu hakuwahi kuchagua kipande kidogo. Akamgeukia wakili.

"Mwanangu, huko nyuma kuna nini?"

"Jenereta, mama. Na shimo la maji taka, chini ya madirisha. Vyumba pia ni vidogo."

Mama Pasi akamtazama mdogo wake, au mahali sauti yake ilipokuwa.

"Wewe wamekupa ipi?"

Kitindamimba alilegeza tai. "Dada, si hivyo..."

"Ipi?"

"Ya kona, upande wa bluu. Ghorofa ya juu. Ni asante tu, dada, kwa usumbufu."

Mwekezaji akacheka, akanyoosha mkono kwenye sahani ya biskuti. "Mama, sisi sote ni familia."

Mate yalimjaa Mama Pasi mdomoni kama mtu aliyekanyaga kitu kilichooza. Alikuwa amefua mashuka ya wagonjwa na nepi za watoto wa watu maisha yake yote, lakini hakuwahi kuona kinyaa kama kile.

"Bado unaweza kuchagua la bluu," wakili akamnong'oneza. "Ni haki yako, mama. Utawashinda."

"Nilale ukuta kwa ukuta na hao? Hapana. Shati lililofutiwa kamasi sivai, hata likiwa la hariri."

Akaomba leso, akapangusa sikio alilonong'onezwa na mdogo wake.

Asubuhi iliyofuata alitia saini barua ya kuliondoa pendekezo lake, akaichukua hati yake kwa wakili, akarudi nyumbani kwake kiwanjani. Mashati ya Kitindamimba, ambayo bado alimfulia, yalikuwa kapuni yakingoja zamu. Aliyatoa yakiwa machafu, akayakunja vizuri, akayafunga kwa kamba, akayapeleka na kuyaacha mlangoni kwa mdogo wake bila kubisha hodi.