Picha ya Nane Niliyoifuta

Nilikuwa nikijisikia sana siku hizo. Nilikuwa bwana shamba mwenye pikipiki ya serikali, ofisi ya mabati pale Mosocho, na taipureta ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa imekatika mkia. Mkubwa wangu aliponiambia niandike maneno na picha za filamu ya kufundisha wakulima kupanda mahindi ya haibridi, nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa uchifu. Mke wangu alinitazama akacheka tu.

Karatasi ya filamu ina safu mbili. Kushoto unaandika kitakachoonekana, kulia unaandika kitakachosemwa. Kamera yetu haikuchukua sauti. Maneno yangekuja kusomwa baadaye Nairobi, picha zikiwa zimeshaunganishwa. Tena kamera yenyewe ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani, ikipiga kwa muda mfupi halafu inanyamaza. Kwa hiyo kila picha ilipaswa kuwa fupi, na ukanda wenyewe ulikuwa wa kuhesabu. Niliandika picha kumi na nne. Mkubwa wangu akasoma, akasema ni nyingi, nipunguze moja.

Nilikaa nazo jioni nzima. Picha ya kwanza, kamba yenye vifundo kila futi moja. Ya pili, kuivuta kamba kati ya vigingi viwili. Ya tatu, kupima futi mbili na nusu kutoka mstari hadi mstari. Na kuendelea hivyo hadi ya saba, mbolea inaingia shimoni kwa kipimo cha kifuniko cha chupa ya soda. Ya nane, mkono unatia udongo kidogo juu ya mbolea. Ya tisa, mbegu mbili zinadondoshwa. Ya kumi, shimo linafukiwa. Nikaona udongo unatiwa mara mbili, ya nane na ya kumi, na mkono unaotia udongo ni mkono unaotia udongo. Nikaifuta ya nane. Nilijiona mjanja.

Mkulima tuliyemchagua aliishi upande wa Marani. Ofisi ilimtaka kwa sababu alikuwa na kipande kizuri kando ya barabara, na kwa sababu alikuwa amejaribu haibridi msimu mmoja kwenye kona ndogo nyuma ya nyumba akaiweza. Safari hii alikubali kuacha wimbi, yaani ulezi, kabisa katika kipande kile. Mumewe alikuwa amebishana naye siku nyingi kuhusu jambo hilo, maana wimbi ndilo uji wa watoto na ndilo lililozoeleka, na mwisho akamwachia kwa sharti moja: mahindi yakishindwa, barabara nzima itaona, na wimbi litarudi. Haya yote nilielezwa na jirani yake, mama mmoja mcheshi aliyeongoza kundi lao la kulimiana. Mkulima mwenyewe hakuniambia kitu.

Hakuniambia kwa sababu hakuweza. Siku nilipomtajia mke wangu jina la boma lile, aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. "Huyo ni mdogo wake mama," alisema. Basi yalikwisha. Kwetu mdogo wa mama ni mama, na mama wa mke wako ni mtu wa ensoni, ile haya nzito ya heshima: humshiki mkono, humtazami machoni, hampiti karibu karibu katika njia nyembamba, wala hamrushiani maneno ya kusahihishana. Nilikwenda kumwomba mkubwa wangu atafute mkulima mwingine. Alikuwa mtu wa mbali, hakuelewa, akaniuliza kama mama mkwe ni ugonjwa.

Kwa hiyo siku ya kupiga picha nilisimama upande mmoja wa shamba na yeye upande wa pili, na jirani yake akawa katikati akipokea maneno yangu na kuyapeleka. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, udongo mwekundu umelainika vizuri. Kina mama wa kundi lao wapatao kumi walikuwa wamepanga mstari kando ya ua wakitazama. Mpiga picha aliyetoka Nairobi alikuwa kijana wa viatu vyeupe, na viatu vile havikukaa vyeupe hata robo saa.

Yule mama mkwe wangu alivuta kamba, akapima, akachimba. Mikono yake haikuwa na haraka wala haikusita. Akatia mbolea kwa kile kifuniko, akachota udongo kwa vidole vitatu, akaunyunyiza juu ya mbolea.

"Hapana!" nilipaza sauti. "Huo udongo haumo. Mbolea, halafu mbegu, halafu udongo. Ifuatwe karatasi."

Jirani alinitazama kidogo kabla ya kugeuka kumwambia. Mama yule aliinamisha kichwa. "Sawa, Baba," alisema, kwa sauti ya chini, akiuambia udongo.

Kisha mpiga picha naye akaleta lake. Mbolea haionekani, alisema; punje za kijivu kwenye udongo mweusi wa picha ni kama hakuna kitu. Hakujali niliposema udongo ni mwekundu. Kwenye picha yake kila kitu ni cheusi au cheupe. Akataka mbolea iwekwe gao zima, kujaza kiganja, tena mbegu zikae juu yake ili zionekane zote mbili kwa pamoja. Mimi, bwana shamba mwenye cheti, nilikubali. Nilikuwa nikifikiria picha. Sikuwa nikifikiria mahindi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Akapanda hivyo mstari wa kwanza. Na kwa kuwa mpiga picha alitaka kupiga kwa mbali, kwa karibu, na kutoka ubavuni, akapanda hivyo mistari sita, yote ya upande wa barabara. Kina mama pale kwenye ua walikuwa kimya. Nilidhani ni kwa kustaajabu.

Tulirudi baada ya siku kumi na mbili kupiga picha ya mahindi yaliyochipuka, ile ya kumi na mbili kwenye karatasi yangu. Nilisimamisha pikipiki barabarani, na kabla sijazima injini nilikuwa nimeshaona. Mistari sita ya mbele ilikuwa mitupu. Hapa mche mmoja wa manjano, hatua nne mbele mwingine uliokunjamana, na katikati udongo mtupu. Nyuma yake, kuanzia mstari wa saba hadi kwenye migomba, mahindi yalikuwa yamesimama sawasawa, kijani kibichi, yamenyooka kama yalivyopimwa.

Nilichimba kwa kidole palepale. Mbegu ilikuwa imelala juu ya mbolea, laini, imeoza, na kijimzizi kimeungua kuwa kahawia. Nilichimba ya pili. Nilichimba ya tatu. Sikuhitaji ya nne. Kitu hicho nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni: mbolea ya chumvichumvi haigusani na mbegu. Niliwafundisha wengine. Kisha nikakifuta kwa kalamu kwa sababu kilikula ukanda.

Jirani alikuja akasimama karibu nami. Nilimuuliza mashamba ya kina mama wengine yakoje, maana waliniona wote.

"Yao ni mazima," alisema. "Siku ile mlipoondoka tu, alipita kwa kila mmoja wetu kwa miguu. Alisema, mliyoyaona leo ni ya kamera, ya shambani ni haya. Akatuonyesha na ule udongo wa katikati. Na huku nyuma alipanda mwenyewe jinsi anavyojua."

"Na hii mistari sita? Mbona hakuifukua akapanda upya siku hiyohiyo?"

Alipangusa mikono yake iliyokuwa safi. "Wewe ni mkwe wake. Hawezi kukwambia mbele ya watu wa Nairobi kwamba umekosa. Hata kwa mdomo wangu hawezi. Alisema, ataiacha, utakuja uone mwenyewe. Mumewe anapita hapa kila asubuhi, na kila asubuhi anataja wimbi. Yeye anamjibu tu, ngoja bwana shamba arudi."

Nilitazama ule upande wa pili wa shamba. Alikuwa amesimama karibu na migomba, jembe mkononi, uso umeelekea mtoni. Nilijaa aibu. Mistari sita ile ilikuwa magunia ya nyumba yake, na alikuwa ameiweka barabarani akichekwa siku kumi na mbili, ili mimi nisiaibike kwa dakika moja.

Mpiga picha alisema tuhamie ile mistari ya nyuma iliyo kijani, tumalize, ukanda umebaki wa picha mbili tu. Nikamwambia atapiga moja hapa, ya mistari mitupu, na moja nitamwonyesha. Alibisha kwamba haimo kwenye karatasi. Nilitoa karatasi mfukoni, nikaandika kwa kalamu, nikamwonyesha kwamba sasa imo, naye akaipiga ile ya mistari mitupu.

Nilikwenda Marani kwa pikipiki nikanunua pakiti ya mbegu ile ile. Niliporudi nilivua koti, nikakunja suruali, nikapiga magoti kwenye mstari wa kwanza mbele ya barabara na kila aliyepita. Bwana shamba hapigi magoti, watu walizoea kutuona tukiwa wima na kunyoosha kidole. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama kabisa, akaegemea usukani atazame. Nikaanza kuchimba palipooza mbegu.

Kutoka kwenye migomba nilisikia sauti, haikuja kwangu, ilikuja kwa jirani. Lakini ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mwambie asichimbe palepale. Mbolea bado iko. Asogee kando, upana wa kiganja, na asiongeze nyingine."

Jirani alifungua mdomo kunifikishia. Nilikuwa nimeshasogea.

Nilipomaliza mstari wa kwanza, mpiga picha alitia ufunguo kamera yake. Jirani alichimba shimo jipya mwishoni mwa mstari wa sita, mahali pasipo na mbolea ya zamani, akatia kifuniko kimoja, akasubiri. Mama yule alishuka kutoka migombani, akapita mbali nami kama inavyotakiwa, akainama. Akachota udongo kwa vidole vitatu akaunyunyiza juu ya mbolea mpaka ikapotea kabisa. Kamera ilinguruma ikanyamaza. Ukanda ukawa umekwisha.

Aliinuka, akapangusa vidole kwenye leso. Niliinamisha kichwa, nikauambia udongo, "Nisamehe, Mama." Nilisikia nyayo zake zikiondoka, halafu zikasimama.

"Mwambie," alimwambia jirani, "bado mistari mitano."