Mabaki ya Gari Niliyoyapandishia Bei

Upumbavu ni wangu: mimi ndiye niliyemwomba fundi wa Darajani ataje bei kubwa kwa mabaki ya gari langu lililopinduka, ili watu wa bima waone lilikuwa gari la maana.

Wakala wa bima alikubali thamani ya gari kabla ya ajali, shilingi elfu nne. "Mabaki unatuachia?"

"Nnayachukua," nikajibu kwa maringo, nikatia saini.

"Basi ni kama umeyanunua. Bei ya juu tuliyopata ni elfu na mia tano, ya fundi wa Darajani. Tunaikata. Zako elfu mbili na mia tano."

Dhahabu ya mke wangu ilikuwa rehani kwa elfu tatu, naye hajui. Nikamkimbilia fundi anunue kwa bei yake.

"Bei yangu? Si uliitaja wewe, bwana! Mie natoa mia mbili."

Nilirudi nikinyata ukutani, nikiogopa mlango wangu mwenyewe. Bibi jirani, aliyekwishasikia yote, alinitazama barazani pake. "Ingia ukamwambie mkeo dhahabu yake iko wapi, au niingie mie."